Namba ya Nadra Yaondolewa kwenye Tangazo

Nadra aliuawa na homa ya dengi mwezi wa Septemba, hapa Multan, Pakistan. Shagufta, mwenzake wa saluni, aliifunga saluni siku tatu, kisha akaifungua peke yake. Yeye ni fundi wa nywele na nyusi. Mapambo ya maharusi yalikuwa ya Nadra.

Tangazo lao la Facebook hakuligusa. Lilikuwa refu, limejaa maua, halina bei hata moja: "Maharusi, karibuni, mpigieni Nadra." Namba ilikuwa ya Nadra, na simu sasa ilikuwa kwa mama yake, Sughra, ambaye Shagufta humwita Khala, yaani mama mdogo.

Ijumaa moja ya Novemba, saa tano asubuhi, bibi harusi alifika na mama yake, na nguo nyekundu mkononi.

"Nadra yuko wapi?" mama akauliza.

"Nadra amefariki, dada. Mwezi wa pili sasa."

"Amefariki? Juzi nimepiga, mama mtu mzima kaniambia njooni Ijumaa, yupo. Mnachezea harusi ya watu?"

Shagufta alitaka kujaribu kumpamba mwenyewe. Binti akautazama mkasi na uzi wa nyusi mezani, akaanza kulia. Wakaondoka kutafuta saluni nyingine. Bwana harusi alikuwa anakuja saa tisa.

Mchana ule Shagufta alikwenda kwa Khala Sughra. Simu ya Nadra ilikuwa juu ya mto kitandani, imechomekwa chaji.

"Khala, kwa nini unawaambia yupo?"

"Wanamuulizia kwa jina lake, mwanangu. Wewe ungesemaje?"

Shagufta aliaga. Alirudi saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja, akafuta tangazo lote na kuandika upya:

"Kukata nywele, rupia 800. Nyusi kwa uzi, 150. Kusafisha uso, 1,500. Hatupambi maharusi. Tunafungua Jumanne hadi Jumapili, saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Ijumaa tunafunga saa saba hadi saa tisa kwa ajili ya swala. Jumatatu tunapumzika. Kuweka nafasi: tuma jina, huduma, siku na saa kwa WhatsApp ya Shagufta. Ukijibiwa 'sawa', nafasi ni yako. Usipojibiwa, bado hujapata. Ukiahirisha, tuambie siku moja kabla."

Chini akaweka namba yake. Jina la Nadra aliliandika mara mbili, akalifuta mara mbili. Mteja anayetafuta bei hakuhitaji kulisoma.

Wateja wakaanza kuandika, na hakuna tena aliyefika bure. Wiki ya pili Khala Sughra akaja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Hawapigi tena," alisema.

"Nimeweka namba yangu, Khala. Watu walikuwa wanahangaika."

"Kumi, kumi na tano kwa siku walikuwa wanamtaja. Nilikuwa nasikia jina lake. Umenizikia mwanangu mara ya pili."

"Khala, kaa kidogo, unywe chai."

Hakukaa. Shagufta alimwona akivuka barabara polepole. Ndani, mteja wa saa kumi alikuwa ameshafunga taulo shingoni, akamuuliza kama ataanza.

Shagufta akachukua mkasi. Khala Sughra hajaitikia salamu yake mpaka leo.