Violeth wa "Wapi, Nini, Lini"

Pale Ihumwa, ng'ambo kidogo ya reli, Violeth Mazengo ana meza mbili katika chumba kimoja. Ya kwanza ina cherehani. Ya pili ina daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi isitembee, na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito: WAPI? NINI? LINI? Akiwa kwenye cherehani ni fundi, na akihamia meza ya pili ni msaidizi wa kisheria. Hata mumewe, Elisha, akitaka kujua chakula kiko wapi huanza kwa kutaja nchi. "Tanzania," husema akiingia, "mkoa wa Dodoma, njaa imeanza saa sita."

Violeth humwacha acheke. Boksi lile lina historia yake. Mwaka juzi, kwenye kipindi cha sheria cha redio moja ya mjini, alisomewa ujumbe wa msikilizaji aitwaye Batuli, aliyeachishwa kazi na kutaka kujua ana siku ngapi za kulalamika. Violeth alijibu kwa raha: siku thelathini, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ujumbe wa pili uliingia kabla ya tangazo la mbolea. Batuli alishukuru sana, akauliza kutoka Maskati apande gari gani kufika kwenye hiyo Tume.

Siku hiyo Violeth alikiri hewani kwamba sheria ya Omani haijui, akamwelekeza Batuli kwenye ubalozi wetu kule. Kesho yake akatafuta boksi na wino.

Tatizo ni kwamba watu hawapendi kuulizwa. Kwenye meza ile hakuna mtu mwenye kesi. Kesi siku zote ni ya "mtu fulani". Mtu fulani ana mke, mtu fulani amekopa, mtu fulani ng'ombe wake wameingia pahala. Mzee anayejiheshimu haji kufungua mambo yake mbele ya fundi cherehani aliye rika la binti yake. Huleta swali lililokwisha kugugunwa kama mfupa, halina nyama hata kidogo, kisha hutaka jibu lililonona.

Katikati ya Aprili alikuja mzee mmoja kutoka Haneti, mrefu, amevaa koti la suti na kandambili, mkononi kuku aliyefungwa miguu. Violeth aliinuka akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akaongeza mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kwa watu wote chumbani, ingawa aliyebaki alikuwa ni yule kuku tu. Akajitambulisha kwa jina la Sila, kisha akauliza mtu fulani akiambiwa ahame shambani, je, sheria inamruhusu avune kwanza.

"Shamba liko wapi, baba?" Violeth aliuliza.

"Shamba la mtu liko kwa huyo mtu."

"Nchi gani?"

Mzee Sila alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, nimekuja na basi. Wanaokuja na ndege wanashukia kwingine."

Violeth aliandika Tanzania, akaendelea. Mtu fulani ameambiwa na nani ahame? Na wakubwa. Wakubwa gani? Wa mezani. Ikachukua vikombe viwili vya chai. Mtama umeshaanza kuinamisha vichwa, alizeti nayo si haba. Kulikuwa na kesi na jirani. Jirani kashinda. Mtu fulani alitaka kukata rufaa, lakini siku zimekwisha, basi ameshukuru Mungu, anataka tu kuvuna asiondoke mikono mitupu.

"Nani alimwambia zimekwisha?"

Hapo mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Wewe, mwanangu. Kwenye redio. Nilipiga simu nikauliza rufaa ni siku ngapi, ukasema thelathini. Nilipopata nauli ya kwenda kwa wakili zilikuwa zimefika thelathini na mbili. Kuku huyu ni shukrani. Ungenificha ningepoteza nauli."

Violeth aliikumbuka sauti ile. Ilikuwa dakika ya mwisho ya kipindi, Mwanasha, mtangazaji, akimwonyesha saa kwa kidole. Wapigaji wote wa jioni ile walikuwa na kesi za mahakama ya mwanzo, na kutoka huko kwenda mahakama ya wilaya ni siku thelathini kweli. Akampa na huyu siku zilezile, kama mtu anayegawa pipi. Boksi lilikuwa Ihumwa, limeegemea ukuta.

"Baba," alisema taratibu, "hukumu ilisomwa wapi? Nionyeshe karatasi."

Mzee alifikiri kwa muda juu ya heshima yake. Halafu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha, ndani yake hukumu iliyokunjwa mara nne. Juu yake palisomeka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako shauri lilianzia. Ilisomwa tarehe tatu Machi. Violeth alihesabu kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu tena kutoka mwisho kurudi nyuma, kama apimavyo kitambaa cha mteja asiyeweza kununua kingine.

"Kutoka baraza hili kwenda Mahakama Kuu ni siku arobaini na tano, si thelathini. Leo ni ya arobaini na moja. Huyo mtu fulani wako bado ana siku nne."

Mzee Sila alimshusha kuku sakafuni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

"Nilikuwa naanza kuhisi," alisema Violeth.

Msaidizi wa kisheria haandiki rufaa wala hasimami mahakamani, naye analijua hilo kuliko anavyojua mfuko wa suruali. Alifunga chumba, akampeleka mzee mjini kwa Ambokile, wakili wa shirika moja la msaada wa kisheria. Njiani alimwambia wazi kwamba kosa la zile siku lilikuwa lake. Mzee alisema ameshasamehe, ila kuku harudi Haneti, maana amechoka na basi.

Ambokile alisoma hukumu hadi mwisho, akasema sababu za rufaa zipo. Akaandaa pia maombi ya kusimamisha utekelezaji, kwa kuwa rufaa peke yake haimzuii aliyeshinda kuja shambani. Siku ya arobaini na tatu vyote vilisajiliwa. Kuhusu kushinda hakuahidi chochote, wala kuhusu mtama.

Kipindi kilichofuata Violeth alikwenda na boksi lake chini ya kwapa. Aliomba dakika mbili za mwanzo, akaeleza kwamba alijibu swali asilolielewa, na kwamba siku za rufaa hutegemea kesi ilisikilizwa wapi na ni ya nini. Kama yupo mwingine aliyehesabu kwa jibu lile, aje na karatasi yake upesi.

Simu ya kwanza ilitoka Haneti.

"Naitwa Sila," sauti ilisema. "Nchi, Tanzania. Mkoa, Dodoma. Wilaya, Chamwino. Shamba ni ekari sita. Alilifyeka babu yangu, mwaka ule wa njaa, na huyo babu alikuwa na ndugu watatu. Wa kwanza..."

Mwanasha alinyoosha kidole kuelekea kwenye saa. Violeth aliusukuma mkono huo chini, akafungua daftari.

"Endelea, baba," alisema. "Wa kwanza aliitwa nani?"