Samaki kwa Bibi wa Bustanini

Mama mkwe wangu alipopasuliwa goti, alikuja kukaa kwetu Homa Bay wiki sita. Nilimwogopa. Tangu niolewe, miaka kumi na mmoja, alikuwa akiniita chi wuoda tu, mke wa mwanangu. Si tusi, ndivyo watu husema, lakini mke wa shemeji yangu alishaitwa binti mwaka wa pili tu, na mimi wivu haujanipita kando. Kila nilipokwenda kwake Awendo nilimbebea ngege mkubwa kuliko wote sokoni, kwa sababu kwetu ziwani humheshimu mtu kwa samaki. Akipokea, hushukuru, basi.

Mchana nilicheza mchezo wa shamba kwenye simu. Shule zilikuwa zimefungwa na mwalimu naye ana haki ya kupumzika. Mama mkwe, mkulima wa miwa maisha yake yote, akasogeza kiti.

"Huyo ni nani unampa samaki?"

Nikamweleza. Kijijini mle kila mtu ana mioyo kumi, na kazi yangu ni kuijaza. Ukimsalimu kila siku inapanda kidogo. Ukimpa zawadi anayoipenda inapanda sana. Ila zawadi ni moja kwa siku, na mbili tu kwa wiki, kwa hiyo huwezi kumnunua mtu kwa asubuhi moja. Nilikuwa nikimhangaikia bibi mmoja mwenye bustani, ambaye nilimpelekea samaki mara mbili kila wiki bila kukosa, na wa daraja la dhahabu.

"Na mioyo iko wapi?"

Hakuna. Hata ule mmoja niliokuwa nao ulikuwa umepungua. Siku hiyo kalenda ilionyesha ni siku yake ya kuzaliwa, nami nikampelekea samaki mnono kuliko wote. Bibi akakunja uso, akasema kwa adabu kwamba hiki si kitu cha kumpa mtu siku kama leo. Nilipomtafsiria mama mkwe, alishika mdomo.

Ndipo nikafungua ukurasa wa yule bibi. Mle mna orodha ya kila kitu ulichompa na jinsi alivyokipokea, na kila samaki wangu alikuwa na uso ulionuna. Karibu kijiji kizima hakipendi samaki mbichi, isipokuwa wachache. Dhahabu haisaidii kitu ambacho mtu hakitaki. Na siku ya kuzaliwa kila zawadi huhesabiwa mara nane, nzuri hata mbaya, kwa hiyo nilikuwa nimejiangusha mara nane kwa mkono wangu mwenyewe. Nilibaki nikiitazama ile simu kwa mshangao, karibu kwa hofu. Kijitu cha kuchora kilikuwa kimekumbuka kila kitu nilichomtendea.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika goti. Kisha akaniangalia.

"Hawa watu wana bahati. Wanasema."

"Wanasema nini, mama?"

"Mimi samaki sili. Harufu yake inanitapisha tangu nikiwa na mimba ya kwanza. Wale wako nampa jirani."

Miaka kumi na mmoja! Nilisikia masikio yakiwaka. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

"Unapenda nini basi?"

Akaangalia mlangoni, kana kwamba mchungaji wa kanisa angesikia. "Maembe mabichi. Yale yanauzwa na chumvi na pilipili, ya watoto wa shule. Nani atamletea mtu mzima kama mimi?"

Nikamuuliza siku yake ya kuzaliwa. Kitambulisho kinasema tarehe moja Januari, lakini hiyo aliandikiwa tu ofisini. Mama yake alimwambia alizaliwa njugu ziking'olewa. Basi tukakubaliana, Jumapili ya kwanza baada ya njugu zake kutoka shambani. Aliikubali siku hiyo kwa uzito, kama mtu anayetia sahihi.

Njugu zilipotoka, alinipigia simu mwenyewe. Nilifika Awendo na mfuko wa maembe, chumvi ndani ya karatasi na pilipili ya unga. Sikubeba samaki, na njia nzima niliihisi mikono yangu mitupu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya njugu zake zilizoanikwa. Nilimkatia kipande, nikakichovya, akakitia mdomoni. Uso wote ukajikunja kwa uchachu, macho yakafumba, na kwa kitambo nikamwona msichana mle ndani, wa darasa la tano hivi, ambaye hakuna mtu hapa aliyewahi kukutana naye. Nilistaajabu hata kisu kikasimama.

Alifumbua macho, akanyoosha mkono.

"Hii ihesabu mara nane," alisema. "Kata ingine, nyara."

Nyara, binti yangu. Nilikata, ingawa nilikuwa sioni vizuri.