Tathmini ya Dada Mkunga

Alikuwa mkunga mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi. Nilipofika Kibondo nikiwa muuguzi mgeni, yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kumpokea mtoto anayetanguliza makalio. Baadaye kituo chetu cha afya kilinifanya muuguzi mfawidhi, na tangu siku hiyo akaacha kuniita mdogo wangu. Akaanza kuniita bosi, tena mbele za wagonjwa.

Tathmini ya mwaka ilipofika nilijua itakuwa ngumu. Kazi ya mikono yake haikuwa na doa. Tatizo lilikuwa mdomo. Kina mama wa Busunzu walikuwa wameanza kupita mlangoni kwetu na kwenda kujifungulia Kakonko, na waliokuja kwangu kulalamika walisema wanaogopa kutukanwa wakiwa kwenye uchungu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikia.

Ofisi yangu imepakana na duka la dawa na ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo nilimwita kwenye chumba cha chanjo siku ambayo hakuna kliniki. Alikaa bila kusalimia.

Nilianza na mazuri, na sikuyatia chumvi. Halafu nikasema, "Dada, lugha unayotumia kwa kina mama wodini si nzuri. Hapo nimekupa alama ya chini."

"Nani kasema? Nitajie jina lake."

"Majina sitakupa. Nitakuambia nilichosikia mimi. Jumatatu iliyopita ulimwambia mama aliyetoka Murungu kwamba kama hawezi kuvumilia, asingezaa."

Alipiga meza. "Mimi! Mimi niliyekufundisha kushika mkasi! Leo unanikalia hapo kunipa alama kama mtoto wa shule? Huna haya?"

Nilitaka kumjibu kwamba ualimu wake hauhusiani na hili, na majibu mengine makali yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza. Nilimwacha aseme yote: kwamba nimenunuliwa, kwamba nataka nafasi yake nimpe ndugu yangu. Aliposimama na kuninyooshea kidole usoni, nikasema taratibu, "Kasirika, dada, sikukatazi. Matusi yakiendelea, nitafunga kikao tukutane kesho. Hili halitaachwa."

Alikaa, akafunika uso kwa kitenge. Mabega yakaanza kutikisika.

Nilimsogezea maji. Kumfariji nilitaka, lakini niliona nikimkumbatia wakati huo nitakuwa ninamwomba msamaha kwa jambo la kweli. "Tupumzike kidogo, au tuendelee?"

"Sitaki huruma yako."

"Basi niambie. Wodini kuna nini?"

Alipozungumza hakuniangalia. Mwenzake wa zamu alihamishiwa Kasulu na hakuletwa mwingine. Anabaki peke yake na kina mama watatu au wanne, mmoja anatokwa damu, mwingine anasukuma, na ndugu zao mlangoni wanamfokea kwa Kiha. "Wewe unakuja asubuhi umeoga," alisema. "Mimi nimesimama tangu jana."

Hilo la zamu nilikuwa nalijua. Uzito wake nilikuwa siujui.

"La kukosa mwenzako ni langu," nikamwambia. "Leo hii nampelekea mganga mfawidhi ombi la mkunga wa pili. Lakini neno ulilomwambia yule mama ni lako. Alama haibadiliki."

"Mchawi wewe."

"Baada ya wiki mbili tutakaa tena. Mimi nitakuambia nimefika wapi na mkunga wa pili, wewe utaniambia umefanya nini kuhusu lugha. Kama hukubaliani na alama, andika hapa, ni haki yako. Sahihi ni ya kuonyesha tumezungumza, si ya kukubali."

Aliandika "Sikubaliani hata kidogo" kwa herufi kubwa, karatasi ikakaribia kuchanika. Akasaini, akatoka, mlango ukagonga.

Kituo kizima kilisikia upande wake. Nikipita wahudumu wanabadilisha mazungumzo. Baada ya wiki mbili alikuja, akabaki amesimama. Nilimwambia mkunga wa pili anaanza Jumatatu. Akasema, "Sawa." Nikamuuliza kuhusu lugha. "Kawaulize hao wanaokuletea umbea."

Nilienda mwenyewe. Nilimsikiliza wodini nikiwa kando ya pazia la chumba cha kujifungulia, na yeye alijua nipo. Mama mmoja alikuwa analia kwa sauti, anamng'ang'ania mkono. Dada akamwambia kwa Kiha, kwa sauti ya chini, apumue, mtoto yuko njiani. Kisha akageuka, akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu mwingine.

Kina mama wa Busunzu walianza kurudi. Yeye aliomba uhamisho kwenda Kasulu, akaupata. Siku ya kuondoka aliwaaga wote hadi mlinzi, akapita mlangoni kwangu na begi lake kichwani bila kugeuka.