Bati la Mwanga Juu ya Kitanda

Nilivunjika mguu sokoni Mabibo, msimu wa joto kali, nilipoteleza kwenye saruji iliyomwagiwa maji ya kuoshea mboga. Hospitali walinifunga hogo, ile plasta ngumu, kuanzia juu ya paja hadi kwenye vidole, wakaniambia nisiukanyagie mguu ule mpaka waniite tena. Nikarudishwa nyumbani Kiwalani, nikalazwa chumbani kwangu, na dunia ikawa kitanda.

Chumba chenyewe kilikuwa kimeshakufa kwa giza kabla sijaumia. Tulipohamia kilikuwa na dirisha zuri la upande wa magharibi, na chini ya dirisha hilo ndipo nilipoweka cherehani yangu. Kisha jirani akajenga ghorofa. Ukuta wake ulipanda shubiri moja tu kutoka dirishani kwetu, hata ukinyoosha mkono unagusa tofali. Upande wa kaskazini tulishajenga stoo wenyewe, tukajiziba. Umeme ukiwepo nilishona kwa taa mchana kutwa. Ukikatika nilihamishia kazi barazani. Sasa nisingeweza kuhamisha chochote, hata mwili wangu.

Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Alitoka alfajiri, akarudi jua likizama. Siku moja umeme ulikatika, akarudi mapema kuchukua kitu, akanikuta nimelala gizani saa sita mchana nikihesabu sauti za watu wanaopita nje. Jumamosi iliyofuata alileta fundi na bati la plastiki linalopitisha mwanga. Wakang'oa bati moja la kawaida juu ya kitanda changu, wakaweka lile, kisha wakakata siling bodi kwa urefu uleule ili mwanga ushuke. Mie nilikuwa nimebebwa hadi sebuleni. Waliponirudisha jioni, chumba kilikuwa cheupe kama uwanja. Niliona rangi ya kuta ambayo nilikuwa nimeisahau. Nililia, na mume wangu akadhani amemaliza shida yangu.

Kesho yake majirani waliletwa kutazama. Kila mgeni aliyekuja kunipa pole aliingizwa chumbani, akainua uso juu, akamsifia mume wangu. Naye alisimama pale mlangoni akitabasamu kama mtu aliyenijengea nyumba nyingine. Mama mkwe, aliyekuwa ameteremka kutoka Makete kuja kuniuguza, alifurahi kupita wote. Kwao Makete, kwenye baridi ya milimani, jua ni mgeni wa heshima. Alileta kigoda chake akakiweka palepale lilipoangukia, akachambua mchele huku anaota jua.

Jumatatu wakaondoka wageni, nikabaki na jua.

Asubuhi lilianzia juu kwenye ukuta wa magharibi, kipande kirefu cheupe chenye mistari ya bati. Likateremka polepole. Nililiangalia linavyokuja kama mtu anayeangalia mafuriko yakipanda ngazi. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limefika ukingoni mwa kitanda, adhuhuri likanilalia lote, kifuani na kwenye hogo. Sikuwa na pa kwenda. Ningeweza kugeuza shingo na kufunika uso kwa kanga, basi. Jasho liliingia ndani ya hogo likawasha mahali ambapo mkono haufiki. Na hata pale ambapo jua lenyewe halikunigusa, hewa ilikuwa nzito, maana tundu la dari lilikuwa limefungulia joto lote lililokaa kati ya bati na siling bodi, likateremka kwetu. Dirisha lilipumulia ukuta wa jirani. Baada ya saa nane, ghafla, kipande kile cheupe kilizimika. Kivuli cha ghorofa kilikuwa kimefika juu ya paa letu. Nikapumua. Saa za jioni chumba kilianza kupoa, na mume wangu alipoingia alikuta mwanga wa mwisho umetulia, laini, wa kupendeza.

"Unaonaje leo?" aliniuliza.

"Kweupe," nikasema.

Niliendelea kusema hivyo kila jioni. Ningesemaje kingine? Alikuwa amepanda juu ya paa mwenyewe. Mikono yake bado ilikuwa na michubuko ya ncha za bati. Nilikuwa nimefungwa hogo, nimefungwa na ukuta wa jirani, na juu ya yote nimefungwa na shukrani, na hiyo ndiyo iliyobana kuliko vyote.

Mama mkwe ndiye aliyegundua kwanza, kwa kuwa kigoda chake kilimshinda. Jua la Dar, alisema, halina adabu kama la kwao. Akapanda kwenye meza, akafunga kitenge chini ya lile tundu kama chandarua. Mwanga ukawa wa rangi ya kitenge, macho yakapumzika, lakini joto lilikuwa lilelile. Lilikuwa limeshaingia, kitenge kililizuia lisinichome tu, halikutoka nje. Alinipepea kwa ungo mpaka mkono ukamchoka, nami nikamwonea huruma, nikamwambia nimepoa. Huo nao ulikuwa uongo.

Jumapili moja mume wangu hakwenda kanisani kwa sababu ya mafua. Asubuhi alikaa nami akinisomea habari kwenye simu, na kwenye saa tano akainuka atoke nje. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilimshika shati.

"Lala hapa na mimi," nikamwambia. "Lala mpaka saa saba. Usiinuke."

Alidhani natania. Nilisogea kadiri hogo lilivyoniruhusu, akalala chali pembeni yangu. Mama mkwe alikuwa amekifua kile kitenge, kwa hiyo juu yetu palikuwa wazi. Jua likatoka ukutani likaja. Mwanzoni aliendelea kuzungumza. Kisha akaweka kiganja machoni. Shati lake lililowa. Alijaribu kuinuka, nikamkumbusha ahadi ambayo hakuitoa. Akalala. Saa saba ilipofika aliketi, akanitazama, akalitazama bati lake.

"Kila siku hivi?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

Alitoka nje, nikasikia ngazi ikiegemezwa, kisha hatua juu ya paa, kisha gunia likatandazwa juu ya lile bati na tofali zikawekwa. Chumba kikawa giza kama zamani. Lakini muda si mrefu nilihisi tofauti ambayo kitenge hakikuleta: joto lilikuwa limezuiwa nje kabla halijaingia. Nikalala usingizi wa mchana, wa kwanza tangu hospitali. Nilipoamka nilikuwa gizani tena, na sikujua nimshukuru Mungu au nimlilie.

Mdogo wake mume wangu alikuwa akifanya kazi ya dari na mapaa kwenye nyumba za Msasani. Kaka yake alimpigia simu, akaja jioni ileile, akasimama chini ya tundu, akapima chumba kwa hatua zake.

"Braza, umeweka mlango mahali pa tundu la sindano," alimwambia kaka yake, bila kejeli. "Jua la utosini kwenye bati zima ni kama umewasha pasi mbili za umeme juu ya kitanda cha shemeji, zikae zimewaka."

Akatueleza kwamba huku kwetu jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa juu una nguvu sana na hauhitaji nafasi kubwa. Chumba kama chetu kingetosheka na duara lisilozidi beseni dogo. Kuna bomba, alisema, wanaloweka kwenye korido na vyoo vya ndani: juu ya paa kuna kifuniko cha plastiki angavu kama bakuli lililopinduliwa, kati ya bati na dari kuna bomba linalong'aa ndani kama kioo, na darini kuna kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga ili usianguke kama rungu. Limezibwa juu na chini, kwa hiyo joto la darini haliteremki. Alikuwa na moja lililobaki kwenye kazi fulani, mwenye nyumba akampa. Bati la kawaida litarudi mahali pake, na siling bodi itazibwa.

Kilichobaki kilikuwa kuamua mahali. Mume wangu alisema katikati ya chumba, ili pasiwe na kona ya giza. Shemeji akaniuliza mimi. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza tangu nivunjike kuniuliza jambo lisilohusu maumivu.

Nikamwambia nilichokiona. Nilimwonyesha kwa kidole njia ya jua, kutoka ukuta ule hadi huu, na mahali lilipokuwa linakufa baada ya saa nane. Nikamwambia kama kivuli cha ghorofa hufika juu ya kitanda saa nane, basi juu ya cherehani, karibu na ukuta wa jirani, lazima kifike mapema zaidi. Akafikiri, akatoka, akapanda. Aliporudi alisema ni kweli: pale jua litaingia asubuhi likiwa bado pole, na adhuhuri ikipita tu ghorofa litaliziba, mchana wote uliobaki tutakula mwanga wa anga bila jua lenyewe. Akaongeza kuwa paa letu upande ule limeelekea kaskazini, nalo jua la Desemba na Januari huegemea kusini kidogo, hivyo halitupigi sawasawa.

"Yule jirani kumbe ametuwekea kivuli," mume wangu akasema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Walifanya kazi siku mbili. Bomba waliliweka wima, fupi, bila kona, kwa kuwa kila kona hula mwanga. Walilifunga nje kwa sufi ya kuzuia joto, wakaziba kifuniko cha paa kwa gundi ya silikoni, na juu kwenye ukuta wa pembeni, chini ya ncha ya paa, wakatoboa matundu ya hewa yenye wavu ili joto la darini lipate pa kutokea.

Nilipata duara jeupe darini, juu ya cherehani, kubwa kidogo kuliko sahani ya pilau. Kutoka kitandani niliona uzi kwenye sindano. Adhuhuri ilipita juu yangu bila kunigusa. Chumba bado kilikuwa na joto, maana ni Kiwalani, ni Januari, na dirisha bado linatazama tofali. Lakini lilikuwa joto la kila mtu, si langu peke yangu.

Mume wangu alikaa siku kadhaa akinikwepa macho. Kisha usiku mmoja wakati wa kula alinishikia sahani, akasema polepole kwamba kuanzia sasa nikiumia nimwambie, hata kama ni yeye anayeniumiza. Nikamwahidi. Ahadi hiyo imekuwa ngumu kuitunza kuliko nilivyodhani.

Hogo lilikatwa mvua za masika zilipoanza. Mguu ulitoka mwembamba, mgeni, wenye magamba. Nilirudi kwenye cherehani nikitembelea gongo, nikaketi chini ya lile duara, nikashona sare za shule mpaka jioni. Siku ya mawingu mazito mwanga wake hufifia, na hapo nawasha taa. Siku nyingine napata mwanga wa kutosha, nashona, na wakati fulani nainuka bila sababu, natoka barazani, nasimama tu nje nikiangalia watu wanavyopita, mpaka mtu ananiita ndani.