Mafundo Manne Shingoni mwa Chupa

Jicho langu la kushoto halioni. Watu wa Katito wamesikia kwangu mara nyingi nani alilitoa, na kila mara niliwatajia mtu mmoja. Leo nitawataja wote. Majina nayaacha, vyeo vyao vinatosha.

Nilianza kuosha vyombo vya maabara katika shule ya wasichana huko Nyakach nikiwa bado kijana, na elimu yangu ni darasa la saba, tena la saba lenyewe sikulimaliza. Kazi ilikuwa kuosha mirija, kufuta meza, kufunga mlango. Lakini mtu akiosha mirija nyuma ya darasa miaka kumi na moja, masikio yake hayaoshi mirija. Mwalimu wa kemia alikuwa akifundisha, mimi nikisikia. Msimamizi wa maabara alipostaafu, mwalimu mkuu aliniambia mbele ya mwalimu wa kemia: "Mzee, shikilia hapo kwanza. Hiyo nafasi ni yako." Nikashikilia. Huyo ndiye wa kwanza ninayemtaja, kwa sababu aliahidi kitu alichojua hawezi kutoa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote mle ndani ni chupa tatu za kundi la kwanza la jedwali la elementi. Lithiamu, sodiamu, potasiamu. Metali laini, unaikata kwa kisu, inang'aa kama bati jipya, kabla hujamaliza kuishangaa imefifia. Zinakaa ndani ya mafuta ya taa kwa sababu zikigusana na maji haziwezi kutulia. Mwalimu alichora miduara ubaoni: katikati kiini, kuzunguka kiini miduara ya elektroni, na kwenye mduara wa nje kabisa elektroni moja peke yake. Wasichana walinakili tu. Wakati wa mapumziko wakanijia kwenye sinki.

"Baba, kwa nini potasiamu ndiyo kali na iko chini kwenye jedwali? Si ya juu ndiyo ingekuwa na nguvu?"

Nikawaambia wafikirie kanisa. Kiini ni mchungaji. Lithiamu ni kanisa la mabenchi mawili, na kwenye benchi la nyuma ameketi mtu mmoja. Mchungaji anamwona vizuri, hawezi kutoroka. Sodiamu ina mabenchi matatu. Potasiamu ina manne. Ni kweli, kanisa likikua mchungaji naye anapaza sauti zaidi. Lakini yule wa nyuma yuko mbali, na vichwa vya watu wa mbele vinamkinga. Sadaka ikikaribia, nani anatoka kwanza?

"Wa benchi la nne!" wakacheka. "Yawa, huyo ni mjomba wangu kabisa!"

"Basi maji ndiyo mlango. Metali ikigusa maji, yule wa nyuma anatoka. Akitoka kwa urahisi, mambo yanakwenda kasi: hidrojeni inatoka kwa fujo, joto linapanda, na maji yanayobaki yanakuwa makali ya kuchoma ngozi. Lithiamu inachemka polepole. Sodiamu inayeyuka, inakuwa tone linalokimbia juu ya maji. Potasiamu inawaka hapo hapo, moto wa zambarau."

Mwalimu wa kemia alinisikia kutoka mlangoni, akatabasamu, na kesho yake akasimulia kanisa lile darasani kana kwamba ni lake. Naye namtaja.

Mafuta ya taa hula wino. Kila nilipoandika karatasi na kuibandika, baada ya miezi michache ilibaki nyeupe. Kwa hiyo nikafunga kamba ya katani shingoni mwa kila chupa. Lithiamu mafundo mawili, sodiamu matatu, potasiamu manne, kama mabenchi. Hata gizani ningejua kwa vidole. Sikumwambia mtu.

Halafu akaja yeye. Msichana wa Kisumu, diploma mkononi, koti jeupe lenye mfuko ulioshonwa vizuri. Mwalimu mkuu akanileta mbele yake: "Huyu ndiye msimamizi mpya. Wewe utamsaidia." Miaka kumi na moja ya mirija na kushikilia ikaishia hapo, kwa sentensi mbili.

Sitasema alikuwa mbaya. Ingekuwa rahisi. Aliniita Mzee, alisalimia kwa mikono miwili, na wasichana walimpenda ndani ya wiki moja. Hilo ndilo lililoniua. Wakati wa mapumziko sinki langu lilibaki na mimi na mirija. Niliwasikia upande wa pili wakicheka naye, na sikujua wanacheka nini. Nilimwonea wivu kwa mwandiko wake. Nilimwonea wivu kwa namna alivyosema "elektroni" bila kutafuta neno kwanza. Usiku mke wangu aliniuliza kwa nini natafuna chakula kama nina deni nacho.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mafundi walipaka rangi maabara, wakatoa chupa zote na kuzirudisha walivyotaka. Yeye akaja kupanga rafu.

"Mzee, hizi kamba ni za nini?"

Ningesema neno moja tu.

"Za kubebea, Madam."

"Zimechakaa sana. Nizitoe?"

"Toa tu."

Akazikata kwa mkasi, akaziweka mfukoni mwa koti. Lithiamu aliitambua mwenyewe, maana ni nyepesi hata inaelea juu ya mafuta ya taa. Zile mbili nyingine zilikuwa zinafanana. Alitazama orodha ya zamani ya rafu, akafuata mpangilio wake, akabandika karatasi zake nzuri zilizochapwa. Mafundi walikuwa wamezibadilisha nafasi. Potasiamu ikaitwa sodiamu. Nililiona hilo nikiwa nimeshika ufagio. Nikaendelea kufagia.

Sikutaka mtu aumie. Ninaandika hili nikijua halinisaidii. Nilitaka aonyeshe jaribio mbele ya wazazi, aseme "sodiamu", kisha moto wa zambarau umwaibishe, na mwalimu mkuu aniangalie mimi.

Siku ile maabara ilijaa kina mama waliovaa nguo za kanisani, na wazee wachache waliosimama karibu na madirisha. Tulikuwa na miwani mitatu tu ya plastiki. Miwili aliwapa wasichana wawili waliomsaidia. Ya tatu akanipa mimi.

"Vaa, Mzee. Uko karibu na karai la maji."

"Vaa wewe, Madam. Mimi nimezoea."

Akavaa. Hilo nalo liandikwe.

Lithiamu ilikwenda vizuri, ikaelea ikitoa povu kwa upole, na matone ya dawa ya kupimia aliyotia yakageuza maji kuwa ya waridi. Mama mmoja akasema, "Ai, imekuwa soda!" Watu wakacheka. Yeye akabadilisha maji, akafungua ile chupa ya pili, akakata kipande kama punje ya mchele.

"Ongeza kidogo, Madam," mwalimu mkuu akasema, mikono nyuma. "Wazazi wa nyuma hawataona kitu."

"Mwalimu, inatakiwa ndogo."

"Kidogo tu."

Namtaja mara ya pili. Akakata kipande cha ukubwa wa njugu. Nilikiona kisu kinavyoingia bila kusukumwa, laini kuliko sodiamu, na nikajua kwa macho yangu yote mawili, ambayo bado nilikuwa nayo. Mdomo ulifunguka. Ukafungwa. Badala ya kusema, niliinama juu ya karai ili nimwone vizuri akiaibika.

Kiliwaka kabla hakijaanza kukimbia. Zambarau, kama ua la mjakaranda. Kisha kikapasuka, pa! na karai likanitemea usoni.

Nilisikia watu wakipiga kelele. Nikahisi moto jichoni, si wa juu tu, unaochimba. Mikono ikanishika na kunivuta kuelekea bomba. Mikono yake.

"Maji! Maji mengi!" alisema.

"Usimtie maji!" msichana mmoja akalia. "Itapasuka tena!"

Nami nikapiga kelele hiyo hiyo. Nilijua, mimi niliyefundisha kanisa zima kwamba maji ndiyo mlango, nilijua maji yatamaliza uso wangu. Nikampiga kiwiko. Nikashika ukingo wa meza nisipelekwe. "Unaniua! Huyu ananiua!" nikalia mbele ya wazazi wote.

"Mzee, metali imekwisha kuungua! Kilichobaki ni magadi makali, yanakula jicho! Maji ndiyo yanayoyaondoa, achia meza!"

Sikuachia. Sijui ni dakika ngapi. Mwishowe mama mmoja mnene wa sokoni akanibandua vidole, na yeye akanilaza chini ya bomba, akayafungua macho yangu kwa vidole vyake, maji yakatiririka na kutiririka, jicho moja, jingine, hadi gari likapatikana la kunipeleka Kisumu. Njia nzima alinimwagia kutoka kwenye dumu.

Daktari alisema jicho la kulia limepona kwa sababu ya maji. La kushoto, akasema, maji yalichelewa.

Mwalimu mkuu alikuja wodini kuuliza nani alibandika karatasi. Nikasema, "Ni yeye." Ilikuwa kweli. Hakuna uongo ulionihudumia kama kweli ile. Alipewa barua, akaondoka. Nafasi haikuja kwangu. Alikuja mvulana mwenye diploma nyingine. Mimi nilirudi kwenye sinki. Yeye nilisikia amepata shule kubwa mjini, maabara mbili, vigae vyeupe. Nikamwonea wivu tena, kwa jicho moja.

Miaka imepita. Mwezi uliopita nilikwenda Kisumu kliniki, na nikitoka nikamkuta kwenye duka la vitabu akiwanunulia wanafunzi chati. Amenenepa. Akanitambua kabla sijageuza uso.

"Mzee! Jicho je?"

"Moja lipo."

Halafu akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Mbili, tatu, nne. Si ndiyo?"

Nikaanza kutafuta nauli mfukoni.

"Zile kamba zilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilizikuta nikifua, wiki ileile, kabla ya barua. Nikahesabu mafundo. Ni wazo zuri sana, Mzee. Hata mimi sasa ninafunga hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umelala wodini na bandeji." Akachukua chati zake. "Na karatasi nilibandika mimi. Ningepaswa kujaribu kipande kidogo kwanza."

Akaniaga kwa mikono miwili, akavuka barabara. Nilisimama pale nikimtazama akipotea kwa upande wa kulia tu, maana kushoto sioni. Nilitafuta ndani yangu shukrani, au hata aibu. Zilikuwepo, lakini nyuma. Benchi la mbele lilikuwa limekaliwa na wivu ule ule: kwamba aliweza kunyamaza kwa ajili yangu, na mimi sikuweza kusema neno moja kwa ajili yake.

Basi wa mwisho ninayemtaja ni mwosha mirija. Kamba za mafundo zipo tena kwenye chupa, na wasichana wakiuliza ni za nini, ninawaambia.