Kompyuta Iliyokataa Kunijua

Kompyuta ile ya mapajani niliinunua sokoni Muthurwa kwa mtu nisiyemjua, na niliinunua kama watu wanavyonunua redio: iwake tu, basi. Iliwaka. Nilipofika nyumbani Shauri Moyo ndipo iliponiambia haina programu ya kuiendesha.

Disketi za kuiwekea programu nilikuwa nazo. Haikuzitazama. Ilikuwa imeagizwa iwake kutoka diski yake ya ndani tu, na nilipotaka kubadilisha agizo hilo, iliniomba neno la siri la msimamizi. Nikarudi kwa muuzaji. Akaapa kwamba yeye pia aliuziwa hivyo hivyo, na neno hilo halijui.

Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya kuchapa barua za bosi aliyeniita "wewe" miaka yote. Shule moja ya Buruburu ilikuwa imenipa mitihani yake niichape. Nikiikosa, ningerudi kwa yule bosi kichwa chini, na afadhali nife njaa.

Nilikwenda kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza. Kijana wa mapokezi aliigeuza, akasoma namba chini yake.

"Madam, tunaweza kuifungua, lakini lete risiti ya mwenye mali."

"Mwenye mali ni mimi."

"Basi risiti yako. Ama ununue bodi kuu mpya, maana neno la siri limo humo."

Bodi yenyewe ilikuwa ghali kuliko kompyuta nzima. Nikaichukua mali yangu bila kuaga. Jinsi alivyonitazama, kana kwamba nimeiiba, bado inanichoma.

Mume wangu alisema tuiuze kama vipuri. Nikamwambia auze viatu vyake kwanza.

Jirani yetu, fundi wa televisheni, aliifungua, akachomoa betri ndogo inayotunza saa na mipangilio, akaiacha nje usiku kucha. Asubuhi akairudisha na kuiwasha. Kompyuta ikalalamika kwamba mipangilio imepotea, ikataka kibonyezwe kitufe kimoja ili iendelee. Alipojaribu kuingia kwenye mipangilio, neno la siri likaulizwa vile vile.

"Siste, hii imegoma. Hilo neno limewekwa kwa chipu ingine, haitegemei betri. Wachana nayo."

Sikuachana nayo. Kwa hasira nikasukuma disketi ndani, nikaizima, nikaiwasha, nikabonyeza kile kitufe. Disketi ikaanza kukwaruza. Fundi akainama, akacheka mpaka akakaa chini. Neno lilikuwa limebaki, lakini lile agizo la kupuuza disketi lilikuwa limefutika pamoja na saa, na mashine imerudia desturi ya kiwandani: disketi kwanza.

Programu ikaingia, mitihani nikaichapa ikaisha, na ya muhula uliofuata pia. Mipangilio mipya haikuwezekana kuhifadhiwa bila lile neno, kwa hiyo kila asubuhi kompyuta ililalamika upya, nami nikabonyeza kitufe.

"Hujalijua tu hilo neno?" mume wangu aliniuliza siku moja, mezani kukiwa na kazi za shule tatu.

"Sijalijua," nikamjibu, nikiendelea kuchapa. "Na sijaliuliza tena kwa mtu."