Muhuri Uliotangulia Mzigo

Hati ya kupokelea mzigo ilisema katoni zote zimefika salama. Muhuri wetu ulikuwa juu yake, rangi ya zambarau, na saini ya mtunza ghala chini. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amefungua mlango wa lori.

Ghala letu lilikuwa Nakawa, Kampala, upande wa viwanda. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, nimetoka Kenya mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Mtunza ghala alikuwa mjane wa askari polisi, mama wa Gulu, mwenye Kiswahili cha kambini. Madereva walimpenda kwa sababu alipiga muhuri pale getini, lori likiwa bado linanguruma, kisha wao wakaenda kunywa chai wakati wapakuzi wakifanya kazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu kabla sijafika.

Asubuhi ile lori lilileta sahani za kaure kutoka kiwandani Nairobi. Dereva aliandika saa kando ya muhuri, saa tatu na dakika tano, akaikunja nakala yake na kuitia mfukoni. Mimi nilikuwa na mazoea ya kupiga picha sili ya mlango, kile kifungio kinachowekwa kiwandani, kabla haijakatwa, namba yake ionekane. Wenzangu walinicheka kwa hilo.

Mlango ulipofunguliwa, safu ya chini ilikuwa imebonyea na kulowa. Kamba ya kufungia mzigo ilining'inia. Niliwaambia wapakuzi wasiguse chochote. Nikapiga picha mzigo ulivyokaa, kisha kila katoni pande zake nne, kisha lebo, kisha vigae vya sahani ndani. Katoni kumi na nne.

Nilimfuata dereva kwenye kibanda cha chai.

"Bwana, rudi uandike hizi katoni kwenye nakala zote."

"Muhuri umeshapigwa, kijana. Muulize mama."

"Basi nitaandika kwamba umekataa kusaini, na askari wa geti atashuhudia."

"Wewe ni karani au jaji?" Watu wa kibandani walicheka. Hakusaini. Niliandika nilivyosema kwenye daftari la geti, na askari wa geti akatia saini yake.

Mchana huo huo nilituma barua pepe moja kwa wote wawili, msafirishaji na kiwanda. Nilitaja namba ya hati, idadi ya katoni, hali ya kila moja, na picha zilizopewa namba. Nikauliza: fomu ya madai iko wapi, inapelekwa kwa nani, mwisho wake ni lini, na je, mkaguzi atakuja? Nikaongeza kwamba katoni zilizoharibika tumezitenga pamoja na vifungashio vyake.

Kiwanda kilijibu kwamba mzigo ulitoka kwao mzima, tumwone msafirishaji. Msafirishaji alijibu kwa mistari miwili: mlipokea kwa muhuri safi, bila kuandika kasoro yoyote, hakuna madai.

Bosi akauliza nani alipiga muhuri. Mtunza ghala alisema ni yeye. Bosi akamwambia madai yakikataliwa, asije tena Jumatatu ifuatayo.

Jioni nilipanga picha upya kwa saa zake. Ile ya sili, nzima, haijakatwa, ilipigwa saa tatu na dakika ishirini. Dereva mwenyewe alikuwa ameandika saa tatu na dakika tano. Kwa hiyo muhuri haungeweza kuwa ushahidi wa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Lakini kuituma picha ile kulikuwa sawa na kuandika kwamba mama huyu alisaini bila kutazama, na si mara moja.

Nilimwonyesha simu. Aliisogeza karibu na macho, akaisoma saa.

"Hii inanimaliza mimi ama inawamaliza wao?"

"Inaweza kufanya yote mawili, mama."

"Tuma."

"Fikiri kwanza."

"Mimi nimekaa na polisi miaka kumi na nane. Mtu anasema ukweli mapema, halafu anasimama hapo. Tuma, mtu wa makaratasi. Na uandike kwamba mkono ni wangu."

Niliandika hivyo hivyo, nikaambatanisha picha ya sili, nakala ya hati na ukurasa wa daftari la geti. Safari hii fomu ya madai ilikuja kutoka kwa msafirishaji kesho yake asubuhi. Tuliijaza pamoja mezani kwake, yeye akisoma namba za katoni, mimi nikiandika.

Mkaguzi alifika siku ya tatu. Alizipima katoni, akazigusa zilipolowa, akauliza habari za kamba, akachukua moja aende nayo. Mtunza ghala alimjibu kila swali akiwa amesimama wima. Mkaguzi alisema tu kwamba ripoti itaandikwa.

Ijumaa jioni muhuri ulikuwa kwenye droo ya bosi. Katoni kumi na tatu zilikuwa kwenye kona, zimezungushiwa kamba. Niliangalia barua pepe mara ya mwisho kabla ya kufunga. Mama alikuwa mlangoni na mkoba wake.

"Imekuja?"

"Bado."

"Jumatatu nitakuja," alisema, "hata kama ni kusimama getini."

Ripoti ilikuwa bado haijafika.